"Natumaini u mzima wa afya": maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu mstari wa kufungulia barua

Steshenari yetu iko Tabora mjini, upande wa stesheni ya reli. Tunachapa barua za watu, tunatuma barua pepe kwa niaba ya vikundi na vyama vya msingi, na mara nyingi mteja anatupa simu yake tu na kusema, "Niandikie hapo, wewe unajua kupanga maneno." Kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe huwa tunasimama palepale mwanzoni: tuanze na "natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya" au tuuache? Haya ndiyo maswali tunayoulizwa, na majibu tunayotoa.

Huu mstari si umeshapitwa na wakati?

Kwa baadhi ya barua, ndiyo. Ila tuanze na kazi uliyokuwa ukiifanya, maana haukuwa pambo.

Watu wa huku tuna mfano mzuri. Mfuko wa barua za Livingstone uliotoka Unguja Novemba 1870 ulikwama hapa Unyanyembe. Stanley aliukuta, akaondoka nao, na Livingstone akaupata Ujiji Novemba 1871. Mwaka mzima barua iko njiani. Mtu aliyeandika barua ya namna hiyo hakuwa na njia yoyote ya kujua kama anayemwandikia bado yu hai. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, muda ulipungua sana, lakini barua bado ilikaa siku kadhaa njiani, na kijijini ikangoja mtu wa kwenda mjini. Aliyeandika "natumaini itakukuta mzima" alikuwa anasema kitu cha kweli: sijui uko katika hali gani siku utakayoisoma hii.

Leo ujumbe unafika kabla hujaweka simu mezani, na WhatsApp inakuonyesha kama umesomwa. Ile hofu ya njiani haipo tena. Kilichobaki ndani ya mstari ule ni salamu peke yake, kwa hiyo tuupime kama salamu: unamsalimia huyu mtu kweli, au umekaa tu mbele ya habari aliyotakiwa kuipata kwanza?

Nikiutoa si nitaonekana sina adabu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana haki. Huku kwetu huingii kwa mtu na kuanza kusema shida yako. Wazee wa Kinyamwezi "mwangaluka" ya asubuhi hawaipitishi haraka. Inafuatwa na nyumbani, watoto, mvua na ng'ombe, ndipo neno linakuja. Hatumwambii mteja yeyote aache salamu.

Tunachomwambia ni kwamba salamu na mstari ule ni vitu viwili tofauti. Ukimwandikia mzee "Shikamoo baba," umempa heshima yake na umempa nafasi ya kuitikia marahaba. Ukimwandikia shemeji "Habari za huko Kasulu, mama ameshatoka hospitali?" umemuuliza jambo ambalo atalijibu. "Natumaini u mzima wa afya njema na unaendelea vema na majukumu yako ya kila siku" hauulizi wala hauitikiwi, na unaweza kwenda kwa mkurugenzi, kwa mjomba au kwa kampuni ya mabasi bila kubadilika neno. Msomaji anaupita kwa jicho. Adabu unayoogopa kuipoteza ilishabebwa na shikamoo.

Kwa hiyo tunamshauri mteja aanze na salamu inayomhusu mtu huyu mmoja, fupi, kisha aingie kwenye neno lake. Kama hamjui kiasi cha kumpa salamu yake, "Habari za kazi" inatosha.

Barua ya ofisini je? "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni lazima?

Si lazima, na tungependa uachwe. Tunajua wengi tumefundishwa hivyo shuleni, na bado kuna maofisa wanaouandika kila siku. Lakini fuatilia barua yako ikishafika halmashauri. Karani wa masjala anaipokea, anaigonga muhuri wa tarehe ya kupokelewa, anasoma mstari wa YAH, anatafuta faili linalohusika, anaiweka humo na kuipa namba ya folio, kisha faili linapelekwa kwa ofisa wa kulishughulikia. Katika safari yote hiyo hakuna mtu aliyesaidiwa na sentensi inayomwambia atazame kichwa ambacho ameshakisoma.

Upo mstari mwingine unaofanana nao, na huo tunaupigania uwepo:

"Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. … ya tarehe 4 Machi kuhusu mpaka wa kiwanja."

Huu unamwambia karani faili lenyewe ni lipi. Ukiukosa, barua yako inaweza kufunguliwa faili jipya, ikamfikia ofisa ambaye hana karatasi za nyuma, naye akakujibu akikuomba vielelezo ambavyo ulishavipeleka. Ukipata jibu la namna hiyo, barua zako mbili zimekaa katika mafaili mawili. Hapo rudi masjala na nakala ya barua ya kwanza yenye muhuri wa kupokelewa, uombe ziunganishwe.

Mteja akitujia na jibu la barua ya ofisi, kitu cha kwanza tunachomuomba ni ile barua aliyoandikiwa. Kumbukumbu namba na tarehe tunavinakili humo, hatuvitoi kichwani. Kama hii ni barua yako ya kwanza na hakuna ya nyuma ya kurejea, mstari wa kwanza baada ya YAH uwe ombi lenyewe: "Naomba kupimiwa kiwanja changu kilichopo kata ya Ng'ambo."

Afya ya mkurugenzi haihitajiki katika barua hiyo. Heshima yake imo kwenye cheo ulichokiandika sawasawa, kwenye "Ndugu", na kwenye jinsi ulivyoomba. Lakini kama bosi wako anataka "husika na kichwa cha habari" na wewe ndiye unayemchapia, uweke. Haifai kugombana kazini kwa ajili ya mstari mmoja.

Barua pepe inasomwa kwenye simu. Mwanzo wake una tofauti gani?

Tofauti ni kubwa. Barua ya karatasi mtu anaifungua akaiona yote kwa pamoja. Barua pepe anaiona kwanza ikiwa kwenye orodha na nyingine: jina lako, kichwa, na maneno machache ya mwanzo wa barua. Kwa hayo ndipo anaamua afungue sasa au baadaye. Ukiyajaza maneno hayo machache salamu ya jumla, umemnyima kitu pekee ambacho kingemfanya afungue.

Tuchukue barua moja tuliyoifanyia kazi hapa mezani. Katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki wilayani Sikonge alikuja na rasimu kwenye daftari, ya kumtumia mnunuzi wa Dar es Salaam. Kichwa kilikuwa neno moja, ASALI. Chini yake:

"Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua pepe hii itakukuta ukiwa mzima wa afya njema na unaendelea vema na majukumu yako ya kila siku. Sisi huku Sikonge ni wazima tunaendelea na shughuli za ufugaji nyuki. Dhumuni la barua hii ni kukufahamisha kwamba kuhusu ule mzigo tuliozungumza kuna mabadiliko kidogo…"

Mabadiliko hayo "kidogo" yalikuwa haya: walikuwa wamemwahidi ndoo 60 za lita 20, na zilizokuwa tayari ni 40. Ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Mnunuzi alikuwa anapanga gari la kubeba kilo 1,680, na mzigo uliokuwepo ulikuwa kilo 1,120. Huyo ni mtu anayehitaji kujua kabla hajalipia gari. Kwenye simu yake angeona "ASALI" na "Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini…" na kuendelea na shughuli zake akidhani kila kitu kiko sawa.

Tulimuuliza katibu: huyu mnunuzi mnamfahamu? Akasema alikuja kukagua mizinga, gari lake likakwama kwenye matope, vijana wakalisukuma. Tukamuuliza tena: ukimpigia simu utaanzaje? Akajibu papo hapo, "Nitamuuliza gari lilifika salama." Basi tukaandika hivi:

Kichwa: Asali ya Sikonge: ndoo 40 badala ya 60, tunaomba jibu kabla ya Ijumaa

"Habari za tangu siku ya matope, kaka? Tunasikitika kwamba ndoo zilizo tayari ni 40, si 60 kama tulivyokubaliana. Hizo 40 zimechujwa na kufungwa, ziko ghalani. Ndoo 20 zilizobaki zitatoka kwenye mavuno yajayo. Tunaomba utuambie kabla ya Ijumaa: utume gari dogo kwa hizi 40, au usubiri mzigo ukamilike?"

Salamu imebaki, ni maneno sita na "kaka", na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kutumiwa salamu hiyo. Kichwa ndicho kimebeba habari, kwa hiyo hata asipofungua ameshajua.

Mwenyekiti wa kikundi, mzee wa makamo, hakuridhika. Kwake barua ilikuwa imekatika ghafla mno, na mgeni aliyewahi kula nyumbani kwake haandikiwi namna ile. Hatukubishana naye, maana alikuwa na hoja. Tulichofanya ni kuziweka salamu zake mwishoni: "Wanakikundi wote wanakusalimu. Mzee mwenyekiti anauliza hali ya mama, na anasema ukija tena usiondoke bila kula." Huko chini msomaji hana tena haraka, ameshapata alichohitaji, na salamu zinamfikia akiwa ametulia. Tangu hapo tunawashauri wengi wafanye hivyo: kama una salamu nyingi na unazimaanisha, zishushe chini ya barua, usizipunguze.

Kwenye SMS ya kawaida nao una nafasi?

Hapa hesabu inaamua. SMS moja ina nafasi ya herufi 160, na mapengo na nukta zinahesabiwa. "Natumaini ujumbe huu utakukuta ukiwa mzima wa afya njema." ni 57. Ukiongeza "wewe pamoja na familia yako yote" unafika 90, yaani zaidi ya nusu imeisha na hujasema kitu. Ujumbe ukizidi 160 unagawanywa na kuhesabiwa kuwa miwili. Ukiweka emoji hata moja, nafasi inashuka hadi 70.

"Shikamoo mjomba." ni 16.

Nikituma "Habari" kwanza kwenye WhatsApp nikasubiri aitikie, ndiyo adabu?

Uso kwa uso, ndiyo. Kwenye simu unamweka mtu njia panda. Ameona "Habari" yako akiwa kazini, hajui kama kuna msiba, deni au umemkumbuka tu. Wengine hawaitikii mpaka wajue kuna nini, hasa ikitoka kwa mtu aliyekaa kimya miezi sita, maana wanahisi wanapigwa mzinga. Ujumbe wako unakaa hapo mpaka jioni, na lile jambo la asubuhi limeshapita. Weka salamu na neno lako katika ujumbe mmoja. Ataitikia vyote viwili akipata nafasi.

Na kwenye kundi la WhatsApp la chama au kikoba?

Makatibu wa AMCOS wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Ukiandika "Habari zenu wanachama, natumaini wote ni wazima" halafu ukatuma tangazo la mkutano kwenye ujumbe wa pili, watu 20 wameshajibu "salama", "salama kabisa katibu", "tunamshukuru Mungu", na tangazo limezama katikati. Anayefungua simu saa mbili usiku anakutana na salama tupu. Kisha siku ya mkutano anasema hakuarifiwa, na hasemi uongo.

Tuma ujumbe mmoja tu. Mstari wa kwanza uwe siku, saa na mahali pa mkutano. Salamu ifuate chini yake. Kundini ndipo mahali pekee ambapo tunashauri salamu itanguliwe na habari, kwa sababu kila salamu inayoanza inaita majibu ya watu wote.

Kama anayeandikiwa anaumwa au amefiwa?

Usiuandike kabisa. Kumwambia aliyezika juzi kwamba unatumaini yu mzima na anaendelea vema kunaumiza, na kunaonyesha kwamba barua imenakiliwa mahali. Anza na "Pole sana kwa msiba wa baba." Kama jambo lako linaweza kusubiri wiki, lisubiri. Kama haliwezi, sema hivyo baada ya pole: "Nisamehe kukuletea hili wakati huu, benki wamenipa hadi Jumatatu."

Kama hujui hali yake, uliza badala ya kutumaini. "Habari za nyumbani?" inampa nafasi ya kukuambia kuna mgonjwa. Mstari wa kutumaini umeshamwamulia kwamba yuko salama, na baadhi ya watu huona tabu kuupinga.

Ninadai pesa yangu. Nianze na afya yake ili nimlainishe?

Halainiki. Anasoma mstari wa afya akijua kinachokuja, na anaanza kuandaa sababu. Msalimie unavyomsalimia siku zote, kisha utaje kiasi, tarehe mliyokubaliana, na siku unayoiomba sasa. Kama mlikuwa mnaitana "ndugu yangu", mwite hivyo hivyo. Ukibadilisha ghafla na kuwa rasmi, au ghafla ukawa mpole kuliko kawaida yako, ndipo anapoudhika.

Barua ya kuomba kazi?

Wengi wanaanza, "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24…" Anayesoma ana rundo la barua zenye mwanzo huohuo, na umri wako ataukuta kwenye wasifu. Anza na nafasi unayoiomba na kitu kimoja kinachokufaa kwa nafasi hiyo: "Naomba nafasi ya mhasibu msaidizi mliyoitangaza. Nina stashahada ya uhasibu na nimetunza vitabu vya chama cha msingi cha tumbaku Urambo kwa misimu miwili." Afya ya mwajiri usiiguse.

Kuna barua yoyote ambayo mstari huo bado unastahili kukaa mzima kama ulivyo?

Ipo, na tunaichapa kwa furaha. Ni barua ya mtu kwa ndugu yake ambayo haina jambo lingine isipokuwa kumjulia hali. Bado wapo akina mama wanaokuja hapa kumwandikia dada aliyeko Kigoma vijijini, huko mtandao unakopatikana juu ya kilima tu, na barua inakwenda kwa mkono wa abiria wa treni. Mama anataka iandikwe hivi: "Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Kisha anataja majina, mmoja mmoja, kila mtoto na anavyoendelea, na nani anamsalimia nani. Hapo salamu ndiyo barua yenyewe. Hatukati neno. Na kwa kuwa kweli hajui dada yake atakuwaje siku itakapomfikia, mstari ule unafanya tena kazi yake ya zamani.

Kosa ambalo tumelikuta ni vijana wanaomwandikia bibi na kumfupishia kama wanavyomwandikia bosi. Bibi akisomewa mistari miwili anauliza kurasa nyingine ziko wapi.

Mtu akiniandikia "natumaini u mzima", nijibuje?

Mjibu. Yeye ameandika kwa nia njema, na kuuruka mstari wake kwa sababu wewe umeamua kuuacha si haki. Andika "Mimi mzima, namshukuru Mungu, sijui wewe," kisha ingia kwenye neno lake. Kama ni barua ya ofisi, "Nashukuru kwa barua yako ya tarehe fulani" inatosha kuwa jibu la salamu hiyo, na inaonyesha barua ipi unaijibu.

Mnatoza kiasi gani kuniandikia mwanzo wa barua peke yake?

Mwanzo hatuutozi. Njoo na rasimu yako, au utuambie kwa mdomo unamwandikia nani na mara ya mwisho mlionana lini na wapi. Tunalipisha kuchapa kwa ukurasa.